Umeambiwa una sindromu: je, huo ndio ugonjwa?

Mwanamke mmoja wa miaka 43 aliingia chumba changu cha kliniki ya figo, akakunjua karatasi ya vipimo na kuweka kidole kwenye mstari wa juu kabisa. "Daktari, hapa wameandika sindromu ya nefrotiki. Mtoto wa dada yangu, ana miaka mitano, aliandikiwa hivi hivi mwaka jana. Akapewa prednisoloni, wiki ya pili uvimbe wote umekwisha. Mimi nina siku kumi sasa, nimepewa dawa ya kukojoa tu. Kwa nini?"

"Kwa sababu bado hatujajua unaumwa nini, mama."

Alinitazama kama mtu anayedhani anachezewa. "Si mmeandika wenyewe hapa?"

Swali lake ni la haki kabisa, na wengi wanaopewa jina lenye neno sindromu hulibeba kimoyomoyo bila kuliuliza. (Mgonjwa huyu nimemuunda kutoka kwa wagonjwa kadhaa niliowahudumia, ili asitambulike hata mmoja wao, lakini mazungumzo haya nimekuwa nayo mara nyingi mno.) Jibu fupi ni kwamba kilichoandikwa pale juu ni jina la kile kinachoonekana. Jina la kinachokisababisha lilikuwa bado halijapatikana.

Neno sindromu limetoka Kigiriki, na maana yake ya asili ni mambo yanayokimbia pamoja. Daktari akiona dalili nne au tano zikitembea kundi moja kwa mgonjwa huyu, kisha kwa yule, kisha kwa wa kumi, analipa kundi jina hata kama hajui nani analiongoza. Ugonjwa, kwa maana kamili ya kitabibu, ni pale unapoweza kusema ni kitu gani kimeharibika, kimeharibika wapi, na ikiwezekana kimeharibiwa na nini. Kundi moja la dalili linaweza kuletwa na magonjwa mengi tofauti. Hapo ndipo mwanamke huyu na mpwa wake walipoachana, ingawa karatasi zao zilifanana neno kwa neno.

Kiswahili kina mfano wake wa ajabu kidogo. UKIMWI kwa Kiingereza una jina linaloishia na neno sindromu. Tulipolifupisha sisi, tulichukua upungufu wa kinga mwilini, sindromu tukaiacha nje. Lakini historia yake inaeleza kila kitu. Tarehe 5 Juni 1981 iliripotiwa habari ya vijana watano wa Los Angeles wenye nimonia ya aina adimu, ambayo haikutarajiwa kwa watu wa umri wao. Mwaka 1982 kundi hilo la maradhi likapewa jina, na virusi vyenyewe vikapatikana maabarani Paris mwaka 1983. Kwa muda huo wa katikati madaktari walikuwa na sindromu mkononi bila ugonjwa: waliweza kuitambua na kuihesabu, lakini hawakuwa na cha kupima kwenye damu. Hadi leo tofauti ile ipo. Mtu anaweza kuishi na VVU miaka mingi, akitumia dawa zake, bila kufikia UKIMWI.

Tumrudie mama yetu.

Tundu moja, dalili nne

Alikuja na kope zilizovimba asubuhi, miguu iliyovimba jioni, na kilo sita zilizoongezeka kwa wiki tatu. Ukibonyeza mbele ya mfupa wa muundi kwa kidole gumba ukahesabu hadi kumi, shimo linabaki. Mkojo wake ulikuwa na povu jeupe linalokaa juu ya maji ya choo kama la sabuni. Kijiti cha kupimia mkojo, ambacho sehemu yake ya protini huwa ya njano, kiligeuka kijani iliyokolea: alama tatu za kujumlisha.

Tukampa chombo cha kukusanya mkojo wa saa 24. Kipimo hiki huharibika kirahisi, kwa hiyo nitakieleza. Unapoamka siku ya kwanza, mkojo wa kwanza unaumwaga, unaandika saa. Kuanzia hapo kila tone linaingia chomboni, mchana na usiku, na kesho yake saa ile ile unakojoa tena na huo wa mwisho unauweka. Wengi huweka mkojo wa asubuhi zote mbili, na protini inaonekana nyingi kuliko ilivyo. Siku hizi mara nyingi tunatumia njia nyepesi zaidi, yaani kulinganisha protini na kreatinini katika mkojo wa mara moja, lakini kwa mgonjwa mpya mkojo wa siku nzima bado una kazi.

Majibu: protini gramu 5.8 kwa siku. Mtu mwenye figo nzima hupoteza chini ya gramu 0.15. Albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye maji ya damu, ilikuwa gramu 26 kwa lita, wakati ya kawaida haishuki chini ya 35 hivi. Kolesteroli ilikuwa juu sana. Kreatinini, kipimo kinachotuonyesha kama figo zinasafisha damu vizuri, ilikuwa ya kawaida.

Kwa mtu mzima, protini zaidi ya gramu 3.5 kwa siku, albumini chini ya 30, uvimbe, na mara nyingi mafuta mengi kwenye damu, ndiyo sindromu ya nefrotiki. Mtu anaweza kuona kama tumefunga mafurushi manne yasiyohusiana, lakini yote yanatoka kwenye tundu moja. Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja, na kazi yake moja ni kuruhusu maji na uchafu vipite huku protini ikibaki kwenye damu. Kichujio kikitoboka, albumini inatoka na mkojo, na ndiyo inayofanya povu. Damu ikipungukiwa albumini, uwezo wake wa kushikilia maji ndani ya mishipa unapungua. Wakati huo huo figo yenyewe inaanza kung'ang'ania chumvi, na maji yanaifuata. Hapo mwili unavimba. Ini nalo, likiona protini zinapungua, linaongeza uzalishaji, na katika pilikapilika hiyo linatoa pia protini zinazobeba mafuta. Kolesteroli inapanda bila mgonjwa kubadili chakula chake hata kidogo.

Kuna jambo la tano ambalo halimo kwenye orodha rasmi, nalo ndilo linaloniogopesha zaidi. Baadhi ya protini zinazopotea ni zile zinazozuia damu isigande ovyo, na ini nalo linazidisha zinazogandisha. Kwa hiyo mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake na ukauma, au kifua kikabana ghafla na pumzi ikawa fupi, hiyo si habari ya kusubiri tarehe ya kliniki. Ni ya kwenda hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo homa inayokuja na maumivu ya tumbo lililojaa maji, kwa kuwa protini za kinga nazo huvuja.

Nimeyaeleza haya yote bila kutaja ugonjwa hata mmoja. Kujua sindromu peke yake tayari kunatueleza kwa nini mwili umevimba, ni hatari gani tuiangalie, na nini cha kufanya leo: kupunguza chumvi hadi chini ya gramu 5 kwa siku, dawa ya kutoa maji kama furosemaidi, na dawa ya jamii ya losatani ambayo hushusha shinikizo ndani ya kichujio na kupunguza uvujaji. Ndiyo maana alipewa "dawa ya kukojoa tu". Hiyo ilikuwa tiba ya sindromu, na ilikuwa sahihi.

Nani ametoboa kichujio?

Sasa inaanza kazi ya kutafuta ugonjwa. Kwanza ni maswali. Je, anatumia dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni kila siku? Dawa hizi zinaweza zenyewe kuwa chanzo, na wagonjwa hawazitaji kwa sababu hawazihesabu kuwa ni dawa. Kisha damu: sukari, homa ya ini B na C, VVU, kaswende, na vipimo vya lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe. Kila kimoja katika hivi kinaweza kutoboa kichujio kwa njia yake. Kama ni kaswende, penisilini ndiyo tiba ya figo. Kama ni kisukari, hakuna maana ya kumpa mtu dawa za kushusha kinga, na prednisoloni itampandishia sukari bure.

Kwa mama huyu vyote vilirudi safi. Tukaongeza kipimo cha kingamwili kinachoandikwa anti-PLA2R, na tukapanga biopsi.

Biopsi ya figo watu huiogopa kuliko inavyostahili, ingawa si kitu cha kudharau. Alilala kifudifudi, tukampiga ganzi ya ngozi na nyama ya mgongo upande wa kushoto, na tukiongozwa na ultrasaundi tukaingiza sindano hadi ncha ya chini ya figo. Mlio wa sindano hiyo ni kama wa stepla, ndiyo maana tunaufyatua hewani kwanza mgonjwa ausikie. Kinachotoka ni kiuzi chembamba kuliko njiti ya kiberiti, urefu wa sentimita moja na nusu hivi. Baadaye alilala chali saa kadhaa huku tukiangalia mkojo wake kama una damu.

Kiuzi kile kinaangaliwa kwa njia tatu: hadubini ya kawaida, rangi maalumu zinazoonyesha kingamwili, na hadubini ya elektroni. Na hapa mpwa wake anaingia tena kwenye hadithi.

Watoto wa umri wake wenye sindromu hii, walio wengi sana, wana kitu kinachoitwa ugonjwa wa mabadiliko madogo. Jina linatokana na hadubini: ukiangalia kwa ile ya kawaida, kichujio kinaonekana kizima kabisa. Ni ya elektroni tu inayoonyesha kwamba seli zinazokikumbatia kichujio kwa miguu midogo midogo zimelainisha miguu hiyo na kuibandika pamoja. Ugonjwa huu husikia prednisoloni vizuri mno, na kwa sababu ni wa kawaida sana kwa watoto, hatuwachomi sindano kwanza. Tunawapa dawa na kutazama. Mzazi anapima mkojo kwa kijiti kila asubuhi. Siku tatu mfululizo bila protini, tunasema sindromu imetulia. Kwa hiyo kwa mtoto yule, ugonjwa ulikisiwa kutokana na umri, na jibu la dawa likathibitisha. Wengi wao hurudiwa, mara nyingi baada ya mafua, na hutibiwa tena hivyo hivyo.

Kwa mtu mzima kisio hilo halisimami. Kuna ugonjwa wa makovu kwenye vichujio, kuna ule wa utando, kuna kisukari, kuna mabadiliko madogo pia, na uwezekano wao hautofautiani sana kiasi cha mtu kubahatisha.

Jibu la mama lilikuwa nefropathi ya utando. Ukuta wa kichujio ulikuwa umenenepa, umejaa vipunje vya kingamwili upande wa nje, na damu yake ilikuwa na anti-PLA2R nyingi. PLA2R ni protini iliyoko juu ya seli zile zile zenye miguu. Kinga ya mwili imeichukua kuwa adui na inaishambulia. Hili lilijulikana mwaka 2009 tu. Kabla ya hapo tulikuwa tukisema "utando, chanzo hakijulikani", na kabla ya biopsi kuwepo, waliotutangulia walisema "amevimba". Jina linapanda ngazi kadiri ujuzi unavyoongezeka. Siku hizi, mgonjwa akiwa na kingamwili hii waziwazi na figo zinafanya kazi vizuri, wakati mwingine biopsi yenyewe haihitajiki, damu inatosha.

Nilipomweleza, aliuliza lile nililolitarajia: "Sasa prednisoloni nitapewa?"

Hapana. Prednisoloni peke yake haiusaidii ugonjwa wa utando. Angekula vidonge vile kwa miezi, apate uso wa mviringo, sukari, mifupa dhaifu na maambukizi, na protini ingeendelea kuvuja. Kama angefuata tiba ya mpwa wake kwa sababu karatasi zinafanana, angepata madhara yote bila faida.

Na lililomshangaza zaidi ni kwamba tulimwambia tusubiri. Karibu theluthi moja ya wagonjwa wa utando hutulia wenyewe bila dawa za kushusha kinga. Yeye kreatinini yake ilikuwa nzuri na protini haikuwa ya kutisha sana, hivyo tulikuwa na nafasi ya kungoja hadi miezi sita, tukiendelea na losatani na chumvi kidogo, na kupima kingamwili kila baada ya muda. Zingepanda, au albumini ingeporomoka, tungeingia na dawa za kushusha kinga: rituksimabu, au saiklofosfamaidi pamoja na steroidi kama prednisoloni. Albumini ikishuka chini ya 25 kwenye ugonjwa huu, tunaanza pia kujadili dawa ya kuzuia damu kuganda. Utaona kwamba hata hatari ya sindromu ile ile inapimwa tofauti kulingana na ugonjwa ulio nyuma yake.

Pale mpaka unapokuwa mgumu

Nisije nikakuacha ukidhani kila sindromu ni kituo cha njiani kuelekea jina bora. Baadhi zina chanzo kimoja kinachojulikana na bado zinaitwa sindromu kwa mazoea. Sindromu ya Dauni ilielezwa mwaka 1866 kwa sura na tabia za mwili; mwaka 1959 ikaonekana kwamba kinachoiongoza ni kromosomu ya ziada ya 21. Chanzo kikapatikana, jina halikubadilika. Nyingine ziko upande wa pili kabisa: zinatambuliwa kwa vigezo vilivyokubaliwa na wataalamu, dalili mbili kati ya tatu kwa mfano, na huenda ndani yake mna magonjwa kadhaa ambayo bado hayajatenganishwa. Mgonjwa wa namna hiyo asidhani ameambiwa kwamba maumivu yake ni ya kufikirika. Dalili ni za kweli na zina mpangilio, ndiyo maana zikapewa jina. Kinachokosekana ni kipimo cha chanzo.

Kwa hiyo ukipewa jina lenye neno hili, kitu cha kwanza ninachotaka umuulize daktari wako ni kimoja: je, sindromu hii huwa na chanzo kimoja au vingi? Kama ni vingi, muulize vipi vimeshaondolewa na vipi bado, na kwa kipimo gani. Jibu likiwa "tumeshaangalia sukari, homa ya ini na lupasi, tunasubiri biopsi", ujue kazi inaendelea. Likiwa "una sindromu, kunywa hizi", uliza tena.

Na uangalie kwamba sindromu yenyewe imesomwa sawasawa. Povu peke yake si ushahidi, kwani mkojo unaotoka kwa kasi hufanya povu linalopotea haraka. Homa, mazoezi makali au maambukizi ya njia ya mkojo huweza kupandisha protini kwa muda, kipimo kikirudiwa baada ya wiki chache kinakuwa safi. Miguu huvimba pia kwa moyo kuchoka na kwa ini kuharibika, na hao huwa na mkojo wenye protini kidogo au hawana kabisa. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai nzito, presha ikiwa juu na mkojo ukipungua, hilo ni kundi jingine la dalili za figo, nalo halingoji miezi sita.

Mwezi wa tatu kingamwili za mama yule zilishuka zaidi ya nusu, lakini protini ilikuwa bado 5.1. Alikata tamaa kidogo. Nilimwonyesha namba mbili zile kwenye mstari mmoja: moja ni ya ugonjwa, nyingine ni ya sindromu. Katika ugonjwa wa utando kingamwili hutangulia kushuka, na kichujio huchukua miezi kujikarabati baada ya mashambulizi kupungua. Mwezi wa sita protini ilikuwa 2.3, albumini 33, na viatu vyake vya zamani vilimwenea. Kwa vigezo vyetu hiyo ni nafuu ya sehemu: gramu zimepungua zaidi ya nusu na ziko chini ya 3.5. Nafuu kamili ni chini ya 0.3, na tunaendelea kuingoja.

Siku hiyo aliomba faili lake atazame. Ule mstari wa juu haukuwepo tena. Paliandikwa nefropathi ya utando, PLA2R chanya, nafuu ya sehemu. Akasoma mara mbili, kisha akauliza kama sindromu amepona.

"Sindromu huna tena," nikamwambia. "Ugonjwa bado upo. Tarehe ya damu ni baada ya miezi mitatu."